119 au 400? Hesabu ya vipande vya pai na maana ya "sahihi hadi desimali mbili"

"Nimeandika programu ya kutafuta pai kwa ule mfululizo wa 4 - 4/3 + 4/5 - 4/7... nikaiambia isimame ikipata 3.14, imesimama kwenye kipande cha 119. Swali lilikuwa vipande vingapi vinatosha pai iwe sahihi hadi desimali mbili, na mwalimu anasema jibu ni 400. Kompyuta imehesabu kweli, yeye ametumia fomula tu. Nani yuko sahihi?"

Programu yako haina kosa la hesabu, hilo tuliweke wazi kwanza maana wengi wanaokujibu wanakimbilia kusema umekosea kuandika. Nadhani uliandika kitu kama hiki:

```python
s = 0.0
for n in range(1, 10001):
    s += (-1)**(n+1) * 4/(2*n-1)
    if int(s*100) == 314:
        print(n, s)
        break
```

Na kweli inatoa 119, mtu yeyote akiiendesha atapata hiyo hiyo. Ila angalia ile jumla yenyewe iliyotoka pembeni ya 119, sio zile tarakimu tatu za mwanzo tu. Ni 3.1499959. Hiyo ni 3.15 kasoro kidogo sana. Imeitwa 3.14 kwa sababu `int` inakata mkia wote bila kuangalia mkia una nini, ungeraundi kama tulivyofundishwa shule ungepata 3.15 na programu isingesimama pale.

Sasa ongeza kipande kimoja tu, cha 120. Hicho ni 4/239, yaani kama 0.0167, na zamu yake ni ya kutoa. Jumla inashuka hadi 3.1332595. Kwa hiyo kwenye 119 una 3.14, kwenye 120 una 3.13, kwenye 121 inarudi 3.14, 122 tena 3.13, na inaenda hivyo hivyo, witiri inakupa 3.14 na shufwa inakupa 3.13, sio mara mbili tatu, ni mpaka kipande cha 626. Ni kuanzia 627 ndo skrini inatulia kwenye 3.14 na haitoki tena. Nimelitafakari sana hili la 119 na 120 kwa sababu naona ndo kiini cha mzozo wote. Jibu la "vipande vingapi vinatosha" linapaswa kuwa jibu ambalo ukiongeza kazi haliharibiki. Fundi akikuambia mifuko kumi ya saruji inatosha, halafu ukaleta wa kumi na moja nyumba ikapinda, basi hakukupa idadi inayotosha, alikupa bahati ya siku ile.

Na kuna la pili. Programu yako ilijuaje isimame? Iliambiwa 314. Yaani jibu la pai ulikuwa nalo tayari mfukoni, ukawa unangoja jumla ipite mbele yake. Kwa pai sawa, wote tunaijua. Lakini siku utakayopewa mfululizo ambao hakuna anayejua unaishia wapi, na hiyo ndo sababu hasa ya kujumlisha vipande, utaandika namba gani pale kwenye `if`?

Hapo ndo nadhani mwalimu anaonewa. Watu wanaona 400 ni namba ya vitabuni, ya mtu asiyetaka kujaribu, wakati ukweli ni kwamba 400 ndo jibu pekee hapa lililopatikana bila kuchungulia thamani ya pai. Njia yake ni hii. Jumla inaruka juu ya pai, kisha chini, kisha juu, na kila mruko ni mfupi kuliko uliotangulia. Kwa hiyo pai daima iko katikati ya jumla uliyonayo na jumla itakayofuata, haina pa kukimbilia. Umbali wako na pai basi hauwezi kuzidi urefu wa mruko unaofuata, na mruko huo unajulikana, baada ya vipande n ni 4/(2n+1). Unataka kosa lisizidi 0.005, yaani nusu ya sehemu moja ya mia, ambayo ndo maana ya kawaida ya usahihi wa desimali mbili. Basi 2n+1 isipungue 800. Kwenye 399 unapata 4/799 ambayo bado ni kubwa kidogo, kwenye 400 unapata 4/801, ni kama 0.00499, imepita. Mistari miwili, karatasi na kalamu, na ahadi hiyo inashika kwenye 400, 401, 4000, popote utakapoamua kusimama.

Upande wa pili nao una hoja na sitaki kuipita juu juu. Hoja yao ni kwamba 400 ni nyingi mno, na ni kweli. Kwenye mfululizo huu kosa halisi baada ya vipande n ni karibu sana na 1/n, wakati mpaka wa mwalimu ni karibu na 2/n, mara mbili. Ukipima kosa la kweli utakuta limeshuka chini ya 0.005 tangu kipande cha 200. Kwa desimali mbili hakuna wa kulalamika, kompyuta haihisi tofauti ya 200 na 400, ila ukitaka desimali sita mpaka wa mwalimu unakupeleka vipande 4,000,000 na vilivyohitajika kweli ni 2,000,000. Nusu ya kazi ni ya kujilinda tu. Anayesema "hakuna haja" ana haki ya kusema hivyo, mradi jibu lake liwe 200 na aonyeshe hiyo 1/n ameitoa wapi, sio 119.

Lakini hata 200 ina jambo la kuangalia, na hapa pande zote mbili huwa zinateleza. Chukua 201. Jumla ni kama 3.14657, kosa ni 0.00498, limo ndani ya mpaka kabisa, ila ukiraundi unapata 3.15. Chukua 400 yenyewe ya mwalimu, jumla ni 3.13909, ukiraundi ni 3.14 safi, ukikata mkia kama programu yako ni 3.13. Kumbe "kosa lisizidi 0.005" na "tarakimu zilingane na 3.14" ni maswali mawili tofauti. La kwanza linaangalia umbali, la pili linaangalia uko upande gani wa mstari wa mpaka. Ukitaka iraundiwe 3.14 bila kuyumba tena unahitaji kuanzia kipande cha 294, ukitaka ikatwe 3.14 bila kuyumba ni 627 kama nilivyosema. Na hizo mbili huzipati bila kujua pai iko wapi hasa, kwa sababu zinategemea pai imekaa karibu kiasi gani na 3.14 au 3.145. Kwa hiyo swali likisema tu "sahihi hadi desimali mbili" mimi nalisoma kama swali la umbali, ndo linalojibika. Kama mtungaji alitaka tarakimu zilingane alipaswa aseme anakata au anaraundi.

Kitu kimoja tu ambacho nisingependa uchukue kwa mwalimu kichwa kichwa, nacho ni kanuni ya "simama kipande kinachofuata kikiwa kidogo kuliko kosa unalotaka". Inafanya kazi hapa kwa sababu alama zinapokezana, kuongeza kutoa kuongeza kutoa, na vipande vinapungua kuelekea sifuri. Ipeleke kwenye 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 na kuendelea, ambako kila kitu ni kujumlisha, uone. Kipande cha 15 ni 1/225, kama 0.0044, kimeshuka chini ya 0.005, kanuni inasema simama. Hata ukikijumlisha na hicho, jumla ni 1.5804. Thamani ya kweli ni pai mara pai gawanya kwa 6, ambayo ni 1.6449. Umekosea kwa zaidi ya 0.06, hata desimali ya kwanza sio. Sababu ni kwamba vile vidogo vilivyobaki vyote vinasukuma upande mmoja, havifutani, na mkia wao baada ya vipande N upo kati ya 1/(N+1) na 1/N. Kwa kosa la 0.005 hapo vinatosha vipande 200, sio 15. Dalili ya kuangalia ni alama tu, zikiwa zote za kujumlisha usitazame ukubwa wa kipande, tafuta ukubwa wa mkia mzima.

Turudi kwenye pai na kile kilio cha kazi nyingi, maana dawa yake ipo na sio kusimama mapema. Mfululizo huu tunauita wa Laibnizi, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 17, lakini kule Kerala kusini mwa India wanahisabati wa shule ya Madhava, aliyeishi karne ya 14 hadi mwanzo wa 15, walikuwa nao zamani kabla yake, na walishaona unatembea taratibu mno. Walichofanya ni kuongeza masahihisho mwishoni. Lile rahisi kuliko yote, kwa namna tunavyoandika sisi hapa, ni hivi: kosa ni karibu na 1/n, basi liondoe. Ukisimama kwenye witiri jumla iko juu, toa 1/n. Ukisimama kwenye shufwa iko chini, ongeza 1/n.

Fanya hivyo kwenye ile 119 yako. 3.1499959 toa 1/119, ambayo ni 0.0084034, unapata 3.1415925. Pai ni 3.1415926 na kuendelea. Kosa lililobaki ni kama 1/(4n³), yaani chini ya 0.0000002, kwa hiyo usahihi wa desimali sita uliokuwa unadai vipande 2,000,000 umeupata na 119 na utoaji mmoja. Kwenye programu ni mstari mmoja baada ya lupu, ila uondoe kwanza ile `if` na uweke idadi ya vipande mwenyewe.