Kwa Jambo la Dharura, Mpigie Mstaafu

Likizo yangu ya mwaka jana niliipata kwa jasho. Fomu ilikaa mezani kwa afisa utumishi wiki mbili, ikapanda kwa meneja, ikashuka tena kwa sababu sikuandika nani atanikaimia, ikapanda upya. Iliporudi na mhuri ilikuwa na siku zangu 28 kamili, kuanzia Jumatatu tarehe 14 Julai 2025, kurudi kazini Jumatatu tarehe 11 Agosti. Nane Nane ilikuwa imemezwa humo humo katikati, maana sheria yetu ya kazi inahesabu siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia ndani ya likizo ndiyo imekula kwako. Sikulalamika. Mtu aliyepewa ng'ombe haulizi mkia.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Tunatoa mizigo ya watu bandarini, na mimi ndiye ninayehangaika na ankara na malipo ya wateja. Kazi hii haina jambo ambalo si la dharura. Kontena likilala bandarini linahesabiwa gharama kama mgeni wa hoteli, na mwenye kontena akishagundua hivyo, anataka kuongea na mtu sasa hivi. Kwa hiyo, kabla mtu hajaondoka, lazima aache ule ujumbe kwenye imeli: nipo likizo, narudi lini, ukiwa na dharura umtafute nani. Mistari mitatu tu. Mtoto wa darasa la nne anaiandika.

Ijumaa tarehe 11 Julai, saa kumi na moja na nusu jioni, begi lipo chini ya meza, tiketi ya basi la alfajiri la Lushoto ipo mfukoni, nikafungua Outlook, nikaenda `Automatic Replies`. Pale kuna sehemu mbili. Ya kwanza imeandikwa `Inside My Organization`, ndiyo wanayojibiwa wenzako wa ofisini. Ya pili ni `Outside My Organization`, ndiyo wanayojibiwa watu wa nje, yaani wateja, yaani wale wenye makontena. Ile ya kwanza niliifuta yote, nikaandika upya vizuri, nikamtaja binti wa dirisha la pili aliyekubali kunikaimia, na namba ya simu ya ofisi niliyomwachia. Ya pili nikakuta kuna maandishi tayari. Outlook haitupi kitu. Ujumbe wa likizo ya mwaka uliopita ulikuwa umelala pale kama nguo ya msimu wa baridi, umekunjwa vizuri, unasubiri.

Nikaupitia kwa jicho moja. "Asante kwa ujumbe wako. Nipo likizo, nitarejea ofisini tarehe..." Nikabadilisha tarehe, nikaweka 11/8/2025. Nikafanya hivyo hivyo kwenye tafsiri ya Kiingereza iliyokuwa chini yake. Mstari wa mwisho sikuufikia, kwa sababu dereva wa bajaji alikuwa ananipigia honi pale nje.

Hata hivyo mimi si mzembe. Nilijaribu! Nilimwomba binti wa dirisha la pili anitumie imeli tuone. Akatuma, jibu likarudi papo hapo, safi kabisa, lina jina lake na namba sahihi. Tukapongezana. Kumbe yeye ni mtu wa ndani. Alichokiona ni ile nguo mpya. Ile ya zamani ilikuwa imewekwa kwa ajili ya wageni.

Kwetu ni juu ya Soni, mlimani. Julai kule kuna baridi ya kumfanya mtu wa Dar avae koti akiwa ameketi jikoni. Mtandao unapatikana juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya zizi, tena ukisimama ukielekea bondeni. Wiki ya kwanza sikupigiwa simu hata moja ya kazi. Nikawa najisifu mbele ya shemeji zangu: ofisi ikipangwa vizuri, mtu anapumzika.

Wakati huo huo, Kibaha, Mzee Vocha alikuwa hapumziki.

Mzee Vocha ndiye aliyenifundisha kazi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya hati za malipo. Hakuna vocha iliyopita mbele yake bila viambatanisho ikatoka salama. Aliwahi kunirudishia ya shilingi elfu nne kwa kuwa risiti ilikuwa imechanika kona. Alistaafu Desemba, tukamfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani, akaenda kufuga kuku wa mayai. Na katika ule mstari wa mwisho ambao sikuufikia, kwa jambo la dharura, wasiliana naye yeye. Namba yake ya mkononi, kamili, haijabadilika tangu simu zinaingia nchini.

Mtu mwingine angesema "umekosea namba" akakata. Mzee Vocha aliposikia mteja wa kwanza anamwambia "ofisi imesema nikupigie wewe", alielewa jambo moja tu: wameshindwa bila yeye. Akachukua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaanza kazi.

Kila mteja alimsikiliza, akamwandika, akamwelekeza. Shida ni kwamba alimwelekeza kwa utaratibu wa zamani wa enzi zake. Siku hizi mteja anatutumia nyaraka kwa imeli tunaziingiza kwenye mfumo. Mzee aliwaambia walete karatasi halisi pamoja na nakala mbili mbili, zimebanwa kwa pini, dirishani, kabla ya saa nne. Wakaja! Mhudumu wa mapokezi anasema asubuhi moja alikuta foleni ya watu saba wamekumbatia mafaili, na kila akiwauliza nani kawaagiza, wanajibu kwa heshima, "Mzee kasema." Akadhani ni mkurugenzi. Akawapa viti.

Hayo bado meneja hakuyajua. Kilichomfikia kwanza kilitoka Texas.

Tuna mteja kule anayeleta vipuri vya mitambo. Alinitumia imeli, akajibiwa kwamba nitarejea tarehe 11/8/2025. Sasa, Mmarekani anaanza na mwezi ndipo aje siku. Kwetu hiyo ni tarehe 11 Agosti. Kwake ni tarehe 8 Novemba. Alituma imeli nyingine, na nyingine, lakini Outlook humjibu mtu mmoja mara moja tu kwa likizo nzima, kwa hiyo hakupata kitu kingine cha kumsaidia kufikiri. Akampigia Mzee Vocha. Mazungumzo yao sikuyapata yote, ila kwenye daftari Mzee ameandika: "Mzungu. Mkali. Nimemwambia alete nakala mbili."

Alhamisi tarehe 24 nipo shambani nachimba viazi, mtoto wa kaka akaja mbio na simu niliyoiacha juu ya jiwe.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba. Wewe, hebu niambie, likizo uliyoomba ni ya siku ngapi?"

"Ishirini na nane, madamu. Uliisaini mwenyewe."

"Basi mbona umewaambia wateja unarudi mwezi wa kumi na moja? Mtu wa Texas ananiuliza kama umejifungua."

Nikaapa kwamba sijaandika Novemba popote. Akanisomea alichotumiwa. Alipofika mstari wa mwisho na kulitaja jina la Mzee Vocha, viazi vilinidondoka. Tukanyamaza wote wawili. Kisha nikamsikia anasema taratibu, si kwangu, kwa mtu aliyekuwa naye ofisini: "Ndiyo maana wanasema Mzee kasema."

Nikapanda kwenye jiwe. Simu ina chaji asilimia tisa, upepo unapiga masikio, ng'ombe wananitazama. Nikaingia kwenye imeli kwa kivinjari, nikafungua ile sehemu ya watu wa nje, nikaandika kwa kidole kilichokufa ganzi: "Nitarejea ofisini Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025." Mwezi kwa jina lake, siku kwa jina lake, hapo hata wa Texas hana pa kupotelea. Kisha nikaweka binti wa dirisha la pili, namba ya ofisi, na anwani ya imeli ya idara, ambayo tunaisoma watu wanne, hata mmoja wetu akistaafu au akipigwa mwereka.

Nikakumbuka jambo moja zaidi. Kwa kuwa kila mtu hujibiwa mara moja, wote waliokwisha kupata ule ujumbe wa Mzee wasingepata huu mpya, hata wangeandika kila siku. Ikabidi nizime majibu kabisa, nisubiri kidogo, niwashe upya, ndipo orodha ya waliokwisha kujibiwa ifutike waanze kuhesabiwa tena. Nilipowasha, simu ikazima. Na safari hii nilikuwa nimejaribu kwa anwani yangu binafsi, si ya ofisi, lakini jibu lake nililisoma kesho yake baada ya kuchaji kwa jirani mwenye sola.

Kumpigia Mzee na kumwambia aache kazi, huo ndio mtihani nilioushindwa. Nilipiga mara tatu. Mara zote simu yake ilikuwa inatumika.

Tarehe 11 Agosti nilifika ofisini saa moja na nusu. Mzee Vocha alikuwa ameshafika. Amevaa suti ya sherehe ya kustaafu, daftari kwapani, na trei ya mayai miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole na likizo. Keti nikukabidhi."

Alinikabidhi mteja mmoja mmoja, 31 kwa jumla, jina, saa aliyopiga, alichoambiwa. Mayai yalikuwa ya binti wa dirisha la pili, "maana naona mmemwachia mzigo peke yake." Alipomaliza akatoa bahasha, akasukuma mbele yangu hati ya malipo aliyoijaza kwa kalamu ya wino. Muda wa maongezi, shilingi 37,500.

Nikaona hapa nimempata. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa ananirudishia.

"Mzee, viambatanisho?"

Akageuza ukurasa. Vocha za kukwangua, zote, zimebandikwa kwa gundi kwenye karatasi kwa mistari minne, zimepewa namba kwa kalamu nyekundu.

"Na idhini ya matumizi, mzee? Nani alikuruhusu?"

Akageuza ukurasa mwingine. Kiambatanisho B. Ujumbe wangu wa likizo, umechapwa kwenye steshenari ya Kibaha kwa shilingi mia mbili, mstari wa mwisho umepigiwa mstari, jina langu na cheo changu vimetulia pale chini.

Nikaipeleka kwa meneja. Akaisoma mwanzo hadi mwisho, akasema haijawahi kuletwa vocha iliyokamilika namna hii mwaka mzima, akaniuliza nalipa taslimu au kwa simu.

Nikatoa pochi. Wakati Mzee anasaini kupokea, nilimchungulia akijaza tarehe. Aliiandika kwa maneno, yote: kumi na moja Agosti, elfu mbili ishirini na tano. Kisha akanitazama juu ya miwani.