Madodoso 1,100 yaliyojazwa wakati wa mbalamwezi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao huku Ilemela, tunajadili akina mama wanaochakata dagaa: wangapi wanaanika kwenye vichanja na wangapi bado wanaanika mchangani. Mjumbe mmoja akasema kazi yetu ya watu 150 haina uzito, kwa sababu wenzetu wameleta madodoso 1,100 kutoka mialo kadhaa. Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Nilikasirika, na hadi leo hasira haijaisha.

Ile 150 hatukuiokota. Mwalo wetu una daftari la akina mama 600. Tulitumia kanuni ambayo kila aliyeandika utafiti wa chuo anaijua:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

N ni 600, na e ni ukingo wa kosa tuliokubali kuubeba, yaani 0.07. Jibu ni 152. Tukachagua mmoja kati ya kila majina manne, tukianza na jina lililotoka kwa kura, tukapata 150. Maana yake, tukikuta asilimia 40 wanatumia vichanja, tunasema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba ukweli uko kati ya 33 na 47. Kwa kuamua kama mwalo unahitaji vichanja vipya, hiyo inatosha kabisa.

Sasa wale 1,100. Nilipouliza wadadisi walizunguka lini, nikaambiwa ni wiki ya mwezi mpevu. Jamani! Sisi sote tumekulia kando ya ziwa hili. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Mama wa mchangani ananunua ndoo zake alfajiri na kuanika siku hiyohiyo. Mitumbwi isipoingia ziwani, hana la kufanya mwaloni. Niliongea na mmoja, kainama na fagio lake akigeuza dagaa, chembe za mchanga zimeng'ang'ania kila samaki. Akaniambia, "Mwanangu, mwezi ukiwaka mimi niko shambani. Nije kuangalia maji?" Mwenye vichanja na akiba ghalani ndiye anayebaki, anachambua na kufunga magunia.

Hebu tupige hesabu. Tuseme ukweli ni kwamba 40 kati ya kila akina mama 100 wana vichanja, na wiki hiyo mwenye kichanja ni rahisi kumkuta mwaloni mara tatu kuliko wa mchangani. Kwa kila 60 wa mchangani utakaowakuta, utakuta 120 wa vichanja. Dodoso lako litasema asilimia 67. Uliza watu 1,100, utapata 67, na ukingo wa kosa asilimia 3. Uliza 11,000, utapata 67 ileile, na ukingo haufiki hata asilimia 1. Ukweli ni 40, na kila dodoso unaloongeza linakufanya uwe na uhakika zaidi na namba isiyo kweli. Ukingo wa kosa unapima bahati ya kura tu. Haujui nani hakuwepo.

Na hata pale ambapo uchaguzi ni safi, ukubwa unauzwa ghali. Kwenye kundi kubwa, watu 100 wanakupa ukingo wa karibu 10, watu 400 wanakupa 5, na ili ufike 2.5 unahitaji 1,600. Kila ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, unalipa mara nne.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba 150 ina mipaka. Mtu aliuliza kuhusu mabinti walio chini ya miaka 25. Kwenye daftari wako kama 120, na sisi tuliwapata 30; kwao peke yao ukingo unafika asilimia 16 hivi. Anayetaka kuwasemea mabinti aongeze mabinti. Na mama asiye kwenye daftari hatumjui, hilo ni pengo letu.

Lakini fedha ambazo zingeongeza madodoso tumezitumia kumrudia mtu. Kati ya majina 150, 41 hatukuwakuta siku ya kwanza. Mdadisi mmoja alitaka kuweka jirani badala yao. Nikakataa, maana jirani aliyepo ndiye yule yule anayepatikana kirahisi. Tumerudi mara tatu, mara mbili wakati wa giza la mwezi. Wamebaki 9. Nimelinganisha umri wao na miaka yao ya kazi kwenye daftari na wale waliojibu, na wengi wao ni wapya, waliojiandikisha mwaka huu. Kesho alfajiri, kabla mitumbwi haijatia nanga, tunakwenda kuwatafuta tena.