"Borrow me" haikutokana na kukopa

Mfanyakazi akiandika "Kindly borrow me your charger", hakosi wa kumcheka, na hakosi mwingine wa kueleza kwamba kosa limeletwa na Kiswahili, eti lugha yetu haimtofautishi anayetoa na anayepokea. Kazi yangu ni ya ofisi hapa Nairobi, na sehemu yake kubwa ni kusoma barua za wenzangu kabla hazijatoka, kwa hiyo sentensi hiyo naijua sana. Maelezo hayo lakini siyakubali. Anayekopa na anayekopesha, Kiswahili kimewatenganisha siku nyingi. Serikali ilipoanzisha Hustler Fund mwaka 2022, watu walikopa, serikali ikakopesha, na hakuna aliyekwenda kwa jirani kujisifu kwamba ameikopesha serikali shilingi mia tano. Ile -esha ya mwisho ilitosha kumwonyesha kila mtu deni liko upande gani.

Tatizo ni kwamba chaja haikopwi. Pesa ndizo tunazokopa, pamoja na unga na sukari ya dukani. Kalamu, stepla, mwavuli na chaja tunaviazima, na hapo tumeingia kwenye kitenzi cha tabia nyingine kabisa. Azima inatazama pande zote mbili. Ukisema "nilimwazima Otieno mwavuli", mwavuli ni wako na Otieno ndiye aliyeondoka nao. Ukisema "niliazima mwavuli kwa Otieno", mwavuli ni wa Otieno na wewe ndiye hukulowa. Kitenzi ni kilekile. Kilichokuonyesha mwavuli ulikokwenda ni ile -m- ndogo iliyokaa katikati. Ipo pia azimisha, najua, lakini kwenye korido za ofisi sijaizoea kuisikia; watu husema "niazime" na kazi inakwisha.

Sasa mtu huyo wa "borrow me" amefundishwa shuleni kwamba "borrow" ni kuazima. Ameamini, basi, kwamba amepewa kitenzi kinachofanya kazi zote za azima. Anapotaka kusema "niazime" anaitoa vipande vipande: azima ni "borrow", ni- ni "me". Kwa kanuni za Kiswahili amepanga sawasawa. Kiingereza kinamkatalia kwa sababu chenyewe hakina kiambishi cha kugeuza mwelekeo, kinabadilisha kitenzi kizima: "borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa. Wala si ugonjwa wa Afrika Mashariki. Mjerumani naye ana kitenzi kimoja, leihen, cha kutoa na kupokea, na akijifunza Kiingereza hujikwaa palepale.

Nashuku kuna sababu nyingine ndogo. "Borrow" haina makuu. Ukitaka wakati uliopita unaongeza herufi mbili na kuendelea. "Lend" inageuka "lent", na wapo wanaoogopa wasije wakasema "lended" mbele ya bosi. Neno unaloliogopa hulitumii, na usipolitumia linatoka kichwani.

Dawa ninayowapa wenzangu, badala ya kanuni ya sarufi, ni hii: usianzie kwenye azima, anzia kwenye kopa, hata kama kwa chaja itasikika vibaya. Jiulize, hapa ningesema "nikopeshe chaja" au "naomba kukopa chaja"? Ikikubali kopesha, andika "lend": "Could you lend me your charger?" Ikikubali kopa, andika "borrow": "Could I borrow your charger?" Zote mbili ni ombi lile lile kwa mtu yule yule, na zote ni za heshima. Mimi napenda hiyo ya pili kwa mwenzako wa meza ya pili, kwa sababu wewe ndiye unayetenda na yeye hujamtuma kazi.

Hii ya "borrow me" yenyewe, mtu akiisema mdomoni, siipigii kelele. Anayeombwa anaelewa, chaja inatolewa, siku inaendelea. Pale ninaposhika kalamu nyekundu ni kwenye maandishi yanayoeleza kitu kiko kwa nani. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, stoo ilikuwa na rejista, na kwenye rejista kulikuwa na mstari ulioandikwa "1 projector borrowed to Training". Aliyeandika alikuwa ameshahama. Wakaguzi walipokuja, swali lilikuwa rahisi: projekta hii ni yetu iliyoko kwa watu wa mafunzo, au ni yao iliyokuwa huku kwetu? Mtunza stoo alishika ile "borrowed" na kusema tuliipokea. Mhasibu alishika ile "to" na kusema tuliitoa. Wote wawili walikuwa wanasoma Kiingereza sahihi, kila mmoja nusu yake.

Hapo aliyeponza ni kwa. Tunaazima kwa Otieno na tunapeleka kwa Otieno. Kwa yetu haijali kitu kinatoka au kinakwenda, kitenzi ndicho kinachoamua. Kwa Kiingereza hicho kihusishi kidogo kina mwelekeo wake, na lazima kipatane na kitenzi: "borrowed from Training" au "lent to Training". Ukikuta "borrowed to" au "lent from" kwenye hati, usijaribu kukisia, mpigie aliyeandika. Na kama wewe ndiye unayejaza rejista na huna hakika, kiepuke kitenzi kabisa. Andika "Owner: Stores. Now with: Training." Haina madaha, lakini hakuna mkaguzi atakayeisoma mara mbili.

Nikija kwenye "bring" na "take", hadithi ni ile ile kwa sura nyingine. Leta na peleka hatuzichanganyi. Hakuna mama Nairobi atakayemwambia mtoto "niletee hii kwa nyanya" akiwa nyanya yuko nyumba nyingine. Anayetuharibia ni chukua. Tumefundishwa "take" ni chukua, na chukua kwetu ni kitendo cha mkono: unashika, unainua, basi. Safari haimo ndani yake. Ndiyo maana tunasema "chukua hii faili upeleke orofa ya tatu", vitenzi viwili, kimoja cha mkono na kimoja cha mguu. Mtu akiihamisha sentensi hiyo, "take" ameshaitumia kwenye mkono, anabaki akitafuta kitenzi cha mguu, na kilicho karibu ni "bring". Anatoka na "Take this file and bring it to third floor", ilhali yeye na anayetumwa wote wako orofa ya kwanza. Anayesikiliza kwa makini anaweza kudhani msemaji ataonekana huko juu kuipokea. "Take" peke yake ingetosha: "Take this file to the third floor." Imebeba mkono na mguu pamoja.

Kwa hiyo hapa pia badilisha pa kuanzia. Nairobi tuna msemo ambao walimu hawaupendi ila unasaidia sana: kuja na, kwenda na. "Come with my charger", "he went with the keys", tunasema kila siku. Kama kwa Kiswahili ungesema uje nayo, hiyo ni "bring". Kama ungesema uende nayo, hiyo ni "take". Sijaona mtu anayechanganya kuja na kwenda.

Ugumu uliobaki ni kujua nani anahesabiwa kuwa ndiye kituo. Chukua mfano wa projekta tena. Wewe uko Westlands, mtunza stoo yuko Westlands, na semina ni Alhamisi katika tawi la Mombasa Road. Unaandika kwa mtunza stoo, na rasimu yako ya kwanza ni hii:

"Kindly borrow me the projector. I will bring it to Mombasa Road on Thursday and take it back on Friday."

Vitenzi vitatu, na vyote vitatu vimegeuka. Stoo ndiyo inayotoa, kwa hiyo ni "lend". Alhamisi unaondoka mlipo nyinyi wawili, unakwenda nayo, kwa hiyo ni "take". Ijumaa unamrudia msomaji wako, unakuja nayo, kwa hiyo ni "bring". Barua inakuwa:

"Could you please lend me the projector? I'll take it to Mombasa Road on Thursday and bring it back on Friday."

Kisha unamwandikia mwenzako wa Mombasa Road kuhusu safari hiyo hiyo ya Alhamisi, gari hilo hilo, projekta hiyo hiyo. Huyu anakusubiri huko, kwa hiyo kwake unaandika "I'll bring the projector on Thursday". Hujakosea kwa kutumia "take" kwa mmoja na "bring" kwa mwingine, umebadilisha msomaji. Ukiwa bado meza ile ile Westlands, unajiweka alipo msomaji wako, kama vile kwenye simu unavyomwambia mtu "nakuja na mzigo wako" ingawa hujatoka hata nyumbani. Kosa ninaloliona zaidi kwenye barua kwa wateja ndilo hili: "I will take the documents to your office tomorrow." Si kosa la kufa mtu, lakini mteja anasoma kama anaarifiwa habari za ofisi ya mtu mwingine. Yeye yupo hapo, anasubiri. "Bring".

Niseme pia kwamba wenye lugha yao hawako sawa wote. Waayalandi, na Wamarekani wengi, hutumia "bring" mahali ambapo Mwingereza angesema "take", na Mmarekani akikuandikia "loan me" badala ya "lend me" hajakosea kwao. Kwa hiyo bosi wako wa Dublin akisema "bring it to the bank" na nyinyi nyote mko ofisini, usimkimbilie na kalamu nyekundu. Ila kwenye "borrow" na "lend" ulegevu huo sitauruhusu kwenye rejista, awe anatoka Dublin au Dagoretti.

Kuna wenzangu wameamua kuukwepa mtego mzima kwa njia ya Kinairobi: "Kindly assist me with your stapler." Hiyo ni "nisaidie na stepla" iliyovaa tai, na hakuna kitenzi cha kugeuza. Naipenda kwa ujanja wake. Shida yake ni kwamba haisemi kama stepla itarudi, na wanaoitumia, nikiwachunguza vizuri, ni wale wale ambao stepla za watu huzeekea mezani kwao.