Pitisha Kidole Ubavuni Kabla Hujatoa Hela

Oktoba 2024, siku zile Tabora inawaka na embe bado ni changa mtini, nilinunua matairi manne ya Noah yangu kwa mkupuo mmoja. Gari linabeba abiria kati ya mjini na Urambo, na mdogo wangu anayeliendesha alikuwa amenikumbusha mara mbili kwamba ya mbele yamekuwa vipara. Nilichagua jina kubwa ambalo hakuna dereva asiyelijua. Bei yake ya kawaida nilikuwa nasikia 270,000 kwa tairi moja, mimi nikapewa kwa 210,000. Muuzaji alisema mzigo ni mpya, na ubavuni palisomeka 2224. Nikalipa, nikayapeleka kwa fundi wangu wa pancha, Ng'ambo.

Fundi alishafunga mawili aliposimama na la tatu mkononi. Akaliinamisha juani, akaniita.

"Dada, njoo upitishe kidole hapa."

Nikapitisha. Ubavu wa tairi lile ulikuwa na mistari midogo midogo kama ya kanga mpya iliyopigwa pasi, unaisikia kabisa kwenye ncha ya kidole. Nilipokaribia zile tarakimu nne, mistari ikakatika. Sehemu ya upana wa kidole gumba ilikuwa laini, imefifia kidogo kuliko mpira wa pembeni, na tarakimu zenyewe zilikuwa zimezama ndani, kingo zake zimevimba kama mpira uliochomwa na msumari wa moto. Ile 4 ya mwisho ilikaa juu kidogo ya wenzake.

Nataka nieleze vizuri kwa nini hilo linatosha kulitilia tairi shaka, maana wengi tunaambiwa "angalia tarehe" halafu tunaishia kuisoma tu. Ubavuni kuna mstari wa herufi na tarakimu ambao kwa kawaida huanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2224 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2024. Maandishi yote ya ubavuni hutoka kwenye kalibu la chuma ambamo tairi hupikwa, lakini kwa kuwa tarehe hubadilika kila wiki, ile sehemu ya tarehe huwa ni kipande kidogo cha chuma kinachochomolewa na kuwekwa kingine. Kwa hiyo kwenye tairi halisi mara nyingi utaona kifremu chembamba kikizizunguka tarakimu, na ndani yake tarakimu zimekaa sawa, kingo safi, mpira una mng'ao uleule wa jirani zake. Aliyekwangua tarehe ya zamani na kugonga mpya kwa moto anaweza kuiga tarakimu, ila hawezi kuirudisha ile mistari aliyoikwangua. Wino mweusi wa kung'arishia matairi huficha tofauti hiyo machoni. Kidoleni haufichi.

Jambo moja tusije tukamwonea muuzaji kwa sababu yake: tarehe kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili mstari wa DOT unaweza kuishia njiani bila tarehe. Hilo si kasoro, geuza tairi usome upande wa pili. Wala tairi lililokaa stoo miaka miwili penye kivuli si bovu. Michelin, kwa mfano, wanashauri tairi likishatumika miaka 5 lianze kukaguliwa na mtaalamu kila mwaka, na likifika 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado zipo. Tairi la mwaka juzi ningelinunua bila wasiwasi, ilimradi niambiwe ukweli na bei ilingane.

Turudi Ng'ambo. Matairi yote manne yalikuwa na 2224, lakini mawili yaliandikwa yametengenezwa Japani na mawili Indonesia. Kampuni kubwa zina viwanda nchi nyingi, kwa hiyo hilo peke yake lisingenishtua. Kilichonishtua ni kwamba viwanda viwili vya nchi mbili vilikuwa na mwandiko mmoja mbaya. Fundi akaniambia tuangalie ndani. Tairi ambalo halijawahi kufungwa, midomo yake, pale linapokumbatia rimu, huwa mizima na haina mkwaruzo. La kwetu lilikuwa na vidonda vya chuma cha kufungulia tairi, na ndani kwenye ubavu kulikuwa na duara lililong'aa, ukubwa wa mfuniko wa chupa, ambapo kiraka kiliwahi kubandikwa kikabanduliwa.

Kumbe ni mtumba, kashata zimechongwa upya.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, kuliko hata tarehe. Katikati ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira vinavyooneshwa ubavuni kwa herufi TWI. Vimeinuka milimita 1.6 kutoka chini ya mfereji, na kashata zikiisha mpaka zikalingana navyo, tairi limekwisha. Anayechonga hupita na kisu cha moto ndani ya mfereji, akaongeza kina kwa kula mpira wa chini unaolinda waya. Tafuta TWI ubavuni, fuata juu mpaka kwenye mfereji. Kama kituta hakipo, au kimekatwa nusu, weka tairi chini. Halafu tazama vile vichane vyembamba kwenye kashata zenyewe, vyembamba kama kucha. Mchongaji huhangaika na mifereji mipana tu. Ukikuta mfereji una kina kirefu huku vichane vimebaki alama tu juu ya mpira, jua mfereji ule ni wa juzi. Kuna matairi mapya ambayo vichane vyake havina kina sana, ndiyo maana siutumii ushahidi huo peke yake.

Nilirudi dukani. Yale mawili ambayo hayajafungwa yalipokelewa, pesa nikarudishiwa baada ya maneno mengi. Yaliyofungwa yakakataliwa, na risiti yangu ilisema "tairi 4" basi, haina saizi, haina jina, haina tarehe. Nikapoteza 420,000. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ile inayohusu bidhaa bandia, lakini kwa risiti kama ile ningesimama mbele yao na nini? Fundi alilikata moja kwa msumeno ili nione. Kati ya sakafu ya mfereji na waya palibaki mpira mwembamba kama ganda la karanga. Na gari hilo lilikuwa libebe watu saba kwenye lami ya saa nane mchana.

Sasa, bei nafuu na jina kubwa. Kilichonikuta kilinifundisha kitu ambacho sikukitarajia: anayeghushi hahangaiki kuiga jina ambalo halijulikani, kwa sababu halina faida kwake. Jina kubwa lililoshushwa bei bila sababu ndilo la kuogopa zaidi. Tairi la Kichina lenye jina lake lenyewe, saizi yake na tarehe iliyopikwa kiwandani, kwangu ni tairi halali, na nafasi ile nikanunua manne ya aina hiyo kwa 130,000 kila moja.

Je, nimeokoa pesa? Jirani yangu ana Noah kama yangu, saizi ileile 195/65R15, na yeye alinunua ya jina kubwa kwa wakala, 270,000 kila moja. Anakwenda Nzega na Singida, lami tupu. Tulikubaliana tupime. Yangu yalianza na kina cha milimita 7.5, na baada ya kilomita 10,000 yalikuwa na 6.2. Yake yalianza na 8, yakabaki na 7.2. Mimi sisubiri mpaka 1.6, kwa sababu masika yakinyesha tairi lenye kina kidogo halitoi maji chini yake, linaelea. Naondoa likifika milimita 3. Kwa hiyo mimi nina milimita 4.5 za kula, nikipoteza 1.3 kila kilomita 10,000, ni kama kilomita 34,600. Yeye ana milimita 5, anapoteza 0.8, ni kilomita 62,500. Gawanya bei kwa kilomita: tairi langu linakula shilingi 3.76 kwa kilomita, lake 4.32. Kwa matairi manne, tofauti ni shilingi 22,400 hivi kila kilomita 10,000.

Tofauti yenyewe ndiyo hiyo. Ukitazama bei dukani unadhani la jina kubwa ni ghali mara mbili, lakini barabarani limezidi kidogo tu. Na kwa hiyo elfu ishirini na mbili jirani anapata kitu ambacho geji haipimi: nimeendesha magari yote mawili kwenye mvua, na la kwake linasimama mapema. Mtu anayekimbia lami kila siku, na masika ndani yake, ningemwambia alipe, mradi anunue kwa wakala.

Mimi sifanyi hivyo, na sababu ni barabara. Msimu wa tumbaku Noah yangu inaacha lami na kuingia vijijini, na huko tairi haliishi kashata. Linachanwa ubavu na kisiki au jiwe. Nimewahi kupoteza tairi zuri la jina kubwa likiwa na kilomita 21,000. La 270,000 likifa hapo, limekula karibu shilingi 13 kwa kilomita. La 130,000 likifa hapohapo, limekula 6. Jiwe halisomi jina. Kitu ambacho sipunguzi ni namba ya uzito: saizi hiyo kwa kawaida huandikwa 91 baada yake, maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na tairi rahisi lenye namba ya chini ya ile iliyowekwa na watengenezaji wa gari silichukui hata kwa bure. Wenye Haisi wawe wakali zaidi hapo, watafute lenye C baada ya saizi, kama 195R15C, si la gari dogo lililolingana kwa macho.

Yale manne ya 130,000 niliyapata duka la tatu. La kwanza nilimwomba muuzaji aandike kwenye risiti saizi, jina na tarakimu nne za kila tairi, akasema hawana utaratibu huo. La pili akasema kitabu kimeisha. La tatu mzee mmoja alivaa miwani, akachutama kwenye kila tairi na kurunzi, akaandika moja baada ya jingine: 3124, 3124, 3124, 3024. Hata ile iliyotofautiana kwa wiki moja hakuibadilisha ifanane na wenzake.