Ukiweka Telegram ijifute baada ya mwezi, mwizi haumii, unaumia wewe

Kuna ushauri unazunguka sana kwenye magrupu, mtu anakuja anawaambia wenzake ingieni Settings wekeni Telegram ijifute baada ya mwezi mmoja, eti simu ikiibiwa vitu vyenu vyote vitapotea vyenyewe. Na watu wanafuata kweli, wanabadilisha, wanaendelea na mambo yao, na wiki mbili baadaye hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba aliweka. Mimi huu ushauri naupinga kabisa na nataka nieleze kwa nini, maana nahisi wengi hawajui hii taima inahesabu nini.

Inahesabu kitu kimoja tu, ni muda gani umepita tangu akaunti yako ionekane hewani kwa mara ya mwisho, iwe kwenye simu au kwenye kompyuta uliyoingia nayo. Meseji zinazokuja hazihesabiki, hata ukitumiwa mia kwa siku kama hujafungua basi hujafungua. Na haijui nani ameshika simu. Sasa fikiria mwizi kaondoka na simu yako ikiwa haina loki, akifungua Telegram tu hapo umeonekana hewani na hesabu inaanza upya, yaani anavyozidi kuchungulia meseji zako ndivyo anavyozidi kuiweka hai ile akaunti uliyotaka ifutike. Kinachomzuia ni Passcode Lock ndani ya Telegram yenyewe, na wewe kuwahi kifaa kingine ambacho tayari ulikuwa umeingia nacho Telegram, unaenda Settings kisha Devices, unaiona simu iliyoibiwa kwenye orodha unaitoa. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, sio ya mwezi.

Kwa hiyo ile taima inamhusu mtu ambaye hayupo. Na ikishafika inafuta kweli, meseji, picha, kontakti na kila ulichorundika kule Saved Messages ambako watu siku hizi wameweka hadi vyeti vya shule. Hakuna kurudisha. Ukijisajili tena kwa namba ileile unaingia kama mgeni, mtupu, na kwa wale uliokuwa unachati nao zile meseji za zamani zinabaki ila jina lako linasomeka Deleted Account.

Kuiweka ni rahisi, ndo maana inasahaulika kirahisi. Unaingia Settings, Privacy and Security, unashuka chini mpaka uone If away for, ukigusa zinakuja chaguo kuanzia mwezi 1 mpaka miezi 24. Kama hujawahi kugusa, siku hizi ya kawaida ni miezi 18, ila zamani ilikuwa 6, kwa hiyo mwenye akaunti ya siku nyingi asikisie, afungue aangalie mwenyewe. Na uguse taratibu, kwenye baadhi ya simu orodha hiyohiyo ina pia sehemu ya kufuta akaunti sasa hivi.

Kingine kinachochanganya watu, kule kwenye Devices kuna taima nyingine inaitwa If inactive for. Hii haifuti akaunti, inatoa tu kifaa ambacho hakijatumika muda mrefu, yaani ile kompyuta ya ofisini uliyoisahau inajitoa yenyewe. Hii ndo unaweza kuiweka fupi bila hofu kubwa ilimradi laini yako unayo. Nina wasiwasi wengi walioambiwa "weka mwezi mmoja" walikuwa wanaitaka hii wakaenda kugusa ile.

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha 6 hapa Tanzania anaenda JKT kwa mujibu wa sheria. Mafunzo ni kama miezi mitatu na simu tuseme kaiacha nyumbani imezimwa. Kafungua Telegram mara ya mwisho tarehe 1 Juni na taima yake iko mwezi 1 kwa sababu ya ule ushauri wa kwenye grupu. Mwanzoni mwa Julai, yeye yuko kwenye kwata, akaunti inafutwa pamoja na notisi zote za miaka miwili, mitihani aliyokusanya na namba za watu wa chuo anachotaka kuomba. Angeweka miezi 3 angekuwa anacheza na siku chache tu, kurudi nyumbani kukichelewa kidogo imekula kwake. Angeweka 12 asingekuwa na cha kuwaza. Au angemwachia dada yake simu na kumwambia kila baada ya wiki mbili iwashe, washa data, fungua Telegram, subiri iunganishe, basi. Hilo tu linatosha kuanza hesabu upya. Na hayuko peke yake, kuna mwanafunzi wa bweni, kuna baharia, kuna mtu kalazwa muda mrefu, wote hawa hawajaacha kutumia akaunti, wamekosa simu tu.

Sasa sisemi taima haina maana. Maana yake ipo kwenye laini. Laini ikikaa bila kutumika kampuni inaweza kuifunga na baadaye namba akapewa mtu mwingine, na huyo akijaribu kuingia Telegram kwa namba yako kodi inaweza kumfikia yeye kwa meseji, anajikuta ndani ya chati zako. Akaunti iliyokwisha kufutika haina cha kumwonyesha. Ila hata hapo kuna njia bora kuliko kuweka mwezi mmoja. Washa Two-Step Verification, hapo kodi peke yake haimuingizi, anahitaji na nywila uliyoweka wewe. Weka na barua pepe ya kurudishia, usiruke hiyo sehemu, maana ukisahau nywila, barua pepe hukuweka na hakuna kifaa kingine ambacho bado umeingia nacho, njia inayobaki ni kuiweka upya akaunti, na kuweka upya ni kuifuta. Na kama umebadili laini tumia Change Number mapema, akaunti yote inahamia kwenye namba mpya na vitu vyako vinabaki.

Mimi naweka miezi 18 na nawashauri watu wa nyumbani waweke hivyohivyo au 24. Halafu naandika kwenye kalenda ya simu, sio kichwani, "Telegram miezi 18", na kila nikijua kuna safari ndefu naangalia kwanza.

Kama wewe ndo mmiliki wa grupu la kikoba au chaneli ya biashara basi jambo ni zito zaidi. Akaunti yako ikifutika grupu linabaki, maadmini uliowaweka wanabaki na ruhusa zao zilezile, ila mwenye grupu hayupo, na kama hukumpa mtu ruhusa ya kuongeza maadmini wapya hapo kuna kukwama. Kabla ya kuondoka mpe admini unayemwamini ruhusa zote, na ukitaka kumkabidhi kabisa kuna Transfer Group Ownership kwenye ukurasa wa ruhusa zake. Hii inadai Two-Step Verification iwe imewashwa zaidi ya siku 7 na uwe umeingia kwenye hicho kifaa zaidi ya saa 24, kwa hiyo ukiamka siku ya safari ndo unaanza, itakukatalia. Kuchukua nakala ya vitu vyako nako ni hivyohivyo, unatumia Telegram Desktop, Settings, Advanced, Export Telegram data, na inaweza kukuambia usubiri saa 24 kwanza kwa usalama, basi anza wiki mbili kabla ukiwa bado una simu mkononi na bando.