"Sina madai tena": maneno ambayo karatasi yetu ya bima haiyataji

Kila unapokaribia mtihani wa wanaotaka leseni ya uwakala wa bima, karatasi ile ile huzunguka vijiwe vya kusomea hapa Tanga. Ni ukurasa mmoja uliotolewa kopi mara nyingi mpaka pembeni maandishi yamefifia. Ina kanuni tatu za bima: fidia ina mistari minne, uaminifu wa hali ya juu minne, na subrogesheni miwili tu mwishoni: "Bima ikishalipa, inashika nafasi ya mteja na kumdai aliyesababisha hasara." Si uongo. Lakini mtu akiishia hapo atafaulu mtihani, kisha siku ya kwanza kazini atamwacha mteja wake aumie. Nalisema hili kwa sababu ndivyo nilivyomwacha mteja wangu.

Alikuwa mama mfanyabiashara wa Ngamiani, mwenye Noah ya kutembelea nyumbani na sokoni. Nilimkatia bima kubwa mwenyewe. Asubuhi moja karibu na Kange, Fuso iliyokuwa inarudi nyuma ikambomolea ubavu mzima wa gari. Kosa lilikuwa la Fuso, na dereva wake hakubisha. Tajiri wa Fuso akafika, mtu mzima mwenye maneno ya upole: "Mama, tusiwasumbue polisi. Shika hii milioni moja na nusu, tuandikishane, yaishe." Wakaandikishana mbele ya mashahidi wawili. Mstari wa mwisho ulisema: "Nimepokea fedha hizo na sina madai tena kuhusu ajali hii."

Jioni akanipigia. Gereji ilikuwa imempa makadirio ya milioni 6.

Tuanze na fidia, maana hapo hesabu ni nyepesi. Bima ya mali humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haimpandishi juu zaidi. Hasara ni milioni 6, na milioni 1.5 ameshaipata kwa aliyemgonga, kwa hiyo hasara iliyobaki ni milioni 4.5. Mkataba wake ulimtaka abebe laki 3 za mwanzo mwenyewe. Watahiniwa wengi wangeandika milioni 4.2 na kuweka kalamu chini. Mimi pia ndivyo nilivyomwambia: "Mama, usihofu, utapata kama milioni 4 na kitu."

Hakupata kitu.

Sababu imejificha ndani ya ile mistari miwili ya subrogesheni. Bima haizaliwi na haki yake mpya dhidi ya mwenye Fuso. Inatumia haki ya mteja, ile ile, na kwa kawaida hata kesi hufunguliwa kwa jina la mteja. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: siku bima inalipa, mteja ana haki gani mkononi ya kuikabidhi? Mama alikuwa ameshaifuta haki yake kwa saini. Bima ingemwandikia mwenye Fuso, naye angetoa karatasi yake mfukoni, na madai yangeishia hapo. Kwa kuwa mteja ndiye aliyeivunja njia ya bima kurudisha fedha zake, bima ina haki ya kumkata thamani ya kile alichokivunja.

Hapo ndipo pananivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo hili, na ndipo walimu wengi wanapopita mbio. Thamani hiyo ni kiasi gani? Siyo lazima iwe milioni 4.5 yote. Inategemea kile ambacho kingeweza kupatikana kweli. Fuso ile ilikuwa na bima ndogo iliyo hai, inayogharimia na mali ya mtu wa tatu, na kosa lilikuwa wazi. Kwa hiyo fedha yote iliyobaki ingerudi: milioni 4.2 kwa bima, na laki 3 kwa mama mwenyewe. Haki aliyoifuta ilikuwa na thamani kamili, na ndiyo maana malipo yake yakawa sifuri. Lakini tuseme Fuso haikuwa na bima, na tajiri yule hana mali nyingine ya kushikwa. Hapo saini ya mama isingekuwa imeipotezea bima kitu cha maana, na wakala anayeijua kanuni angekuwa na hoja ya kupigania ile milioni 4.2. Karatasi yetu haina neno hata moja juu ya tofauti hii.

Subrogesheni ni mtoto wa fidia, na kesi ya Castellain na Preston ya mwaka 1883 kule Uingereza inaonyesha hivyo. Mwenye nyumba alikwisha kubaliana kuiuza. Kabla mauzo hayajakamilika, sehemu ya nyumba ikaungua, na bima ikamlipa pauni 330. Kisha mnunuzi akalipa bei yote kama walivyopatana. Mahakama ikaamuru bima irudishiwe fedha zake, kwa kuwa mwishowe muuzaji hakubaki na hasara yoyote. Mizani hiyo inaibana bima pia. Ikidai na kupata zaidi ya ilicholipa, ziada si yake, ni ya mteja. Na kwa bima ya maisha kanuni hii haipo kabisa. Uhai haupimwi kwa bei ya soko, kwa hiyo familia hulipwa kiasi kilichoandikwa na bado inaweza kumdai dereva aliyemuua ndugu yao.

Uaminifu wa hali ya juu nao uliingia kwenye suala la mama, ingawa si pale watahiniwa wanapoutafuta. Wajibu wa kutaja mambo muhimu bila kusubiri kuulizwa hukaa kabla ya mkataba. Kwenye fomu ya maombi aliandika matumizi binafsi, na ilikuwa kweli. Kama Noah ile ingekuwa inabeba abiria wa Muheza kwa nauli, mkataba wenyewe ungeweza kuvunjwa hata kama asubuhi ile gari lilikuwa tupu, na tusingefika kwenye subrogesheni hata kidogo. Kwenye fomu ya madai aliruka swali la kama amepokea fedha kutoka kwa yeyote. Mkaguzi wa hasara alipomuuliza ana kwa ana, alieleza yote na kutoa nakala. Ndiyo maana hakuna aliyemwita mdanganyifu. Angeikana ile milioni moja na nusu, madai yote yangeanguka kwa sababu ya uongo huo, hata kama Fuso ingekuwa haina bima.

Kwa hiyo vijana ninaosoma nao sasa siwapi kanuni tatu kwa orodha. Nawapa ajali ya Kange na maswali manne kwa mpangilio: Mkataba umesimama? Hasara halisi ni shilingi ngapi, ukitoa alichopokea? Nani mwingine anadaiwa, na ana uwezo wa kulipa? Mteja bado anayo haki ya kumdai? Swali la nne ndilo wanalolikosea, na ndilo mteja wa kweli atakalolipia.

Siku nilipompelekea barua ya bima, mama aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, ningemkatalia yule mzee mbele za watu?" Nikamjibu kwamba angemwambia, "Mzee wangu, nakushukuru, lakini gari lina bima kubwa, ngoja kwanza nimpigie wakala wangu," na asingeweka saini chini ya maneno "sina madai". Akaikunja ile barua. "Mbona siku ya kukata bima hukuniambia?"

Sasa nawaambia wote, siku ile ile, kabla sijawakabidhi stika.