Eti niache kuwaza

Binamu yangu ana dawa moja kwa kila tatizo. Umefiwa, umeachwa, mahindi yameliwa na viwavi, atakwambia, "Dada, unawaza sana. Acha kuwaza." Juzi kanitumia sauti ya dakika nne yenye maneno hayohayo. Nimeona nimjibu hapa, maana nikianza kumjibu kwenye simu hatutasalimiana mpaka Krismasi.

Niache kuwaza? Haya, swichi iko wapi nizime?

Jambo lenyewe ni la Machi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake 25, hisa shilingi 5,000, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Jumamosi hiyo baada ya kikao tukahesabu. Daftari linasema sandukuni kuwe na 2,415,000. Mezani kuna 2,075,000. Tukarudia mara tatu, zikabaki hizohizo. Pungufu 340,000. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Mwenyekiti alisema tu, "Tutaliangalia kikao cha mwisho wa mwezi," kisha akaanza kutafuta ndala zake.

Na mimi mwezi huohuo nilikuwa nimenunua friji. La mtumba, lakini friji ni friji, majirani wote waliliona likishushwa kwenye bajaji.

Basi usiku tisa mfululizo saa tisa ilinikuta macho. Kwa nini mimi? Kwa nini nilikubali uhazina, mtu ambaye hata chenji ya daladala hunipita? Kwa nini yule mama wa genge alinitazama vile? Mbona kila ninachoshika kinaharibika? Kutoka hapo nafika kidato cha pili nilipopoteza ada, narudi kwenye friji, naanza tena. Asubuhi naamka nimechoka kama niliyelima ekari nzima, na ungeniuliza ningekuapia kwamba usiku kucha nilikuwa nashughulikia suala la kikoba.

Daftari la kikoba lilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kitanda, chini ya kichwa changu kabisa. Kwa siku zote tisa sikulifungua hata mara moja.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wanasaikolojia huita hali hii kucheua, wakimfananisha mtu na ng'ombe. Mimi naona wanamwonea ng'ombe. Ng'ombe akicheua, majani yanalainika, yanashuka, jioni kuna maziwa. Mimi nilicheua siku tisa na tone sikutoa. Ila utamu wa kucheua ni kwamba kunafanana mno na kazi. Unakunja uso, unakumbuka mambo kwa undani, unajiona mtu makini asiyepuuza matatizo yake. Ndiyo maana "acha kuwaza" haisaidii. Anayeambiwa anajiona ndiyo kwanza yuko katikati ya kazi muhimu.

Aliyenitoa ni shangazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke asiye na subira hata kidogo. Nilimfuata nikamwamkia, nikaanza kumsimulia. Nilipofika kwenye ada ya kidato cha pili akanyanyua mkono.

"Mwanangu, hesabu ilikuwa sawa mara ya mwisho lini?"

Sikuwa na jibu. Siku tisa za kufikiri na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

"Kalete daftari."

Tukakuta kikao cha mwisho ambacho fedha na daftari vilikubaliana. Baada ya hapo kulikuwa na vikao vitatu tu. Kwa hiyo tatizo, ambalo usiku lilikuwa na ukubwa wa maisha yangu yote, lilikuwa limelala kwenye kurasa sita. Shangazi akachukua kalamu nyekundu, mazoea hayaachi, tukapita kikao kimoja kimoja: hisa zilizoingia, marejesho, mikopo iliyotoka, faini, mfuko wa jamii. Kikao cha pili tukakuta rejesho la 130,000 limeandikwa mara mbili, mara moja siku yenyewe na tena nilipohamishia ukurasa mpya. Daftari lilikuwa linadai fedha ambazo hazijawahi kuwepo. Zikabaki 210,000.

Kisha akauliza, "Kati ya vikao hivi, sanduku limefunguliwa siku nyingine?" Nikataka kusema hapana. Halafu nikakumbuka msiba. Mwenzetu alifiwa na mama yake siku ya Jumanne, tukakutana watatu wenye funguo tukatoa rambirambi 150,000 tukambebesha mwenyekiti akapeleke. Daftari lilikuwa nyumbani kwangu, nikasema nitaandika jioni. Jioni ile tulikuwa msibani.

Zikabaki 60,000. Muda tuliotumia ni kama saa moja na nusu, pamoja na chai.

Sasa linganisha. Tatizo lile lile, kichwa kile kile. Kilichobadilika ni aina ya swali. Maswali yangu ya saa tisa usiku yalikuwa ya "kwa nini", na ya kunihusu mimi nilivyo. Swali la shangazi lilikuwa la lini, wapi, kiasi gani, na jibu lake lilikuwa limeandikwa mahali. Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu tofauti hii: kuwaza kwa jumla, kwa "kwa nini mimi niko hivi", huwazamisha watu walio na huzuni, ilhali kuwaza kwa vitu mahususi, ilikuwaje na hatua inayofuata ni ipi, huwasaidia. Tiba yake nzima ya watu wanaocheua imejengwa juu ya kumhamisha mtu kutoka swali la kwanza kwenda la pili. Hamkatazi mtu kuwaza.

Kipimo ninachotumia siku hizi nimekichukua kwa washauri wa afya ya akili nikakirefusha, maana wao hutoa dakika mbili na mimi akili yangu ni gari la dizeli, lazima ipate moto kwanza. Baada ya robo saa najiuliza: kuna kitu sasa hivi ambacho hakikuwepo nilipoanza? Jina la mtu wa kumpigia, tarehe, ukurasa wa kuangalia, hata uamuzi kwamba hili siliwezi. Kama kipo, naendelea. Kama nilichonacho ni maneno yaleyale na kifua kizito zaidi, basi nacheua, hata kama najihisi mwanafalsafa.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilikiri, na linaniuma kwa sababu linampa binamu yangu nusu alama. Mwaka 1995 Sonja Lyubomirsky na Susan Nolen-Hoeksema walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliwachukua wenye huzuni na wasio nayo. Baadhi wakaambiwa kwa dakika nane wafikirie hisia zao na wao ni watu wa namna gani. Wengine wakaambiwa wafikirie vitu visivyowahusu, kwa mfano mawingu yanavyojikusanya angani. Kisha wote wakapewa matatizo ya watu na watu wayatafutie ufumbuzi. Wenye huzuni waliojichunguza walitoa ufumbuzi hafifu kuliko wote. Wenye huzuni waliotumwa mawinguni walifanya vizuri kama wale ambao hawakuwa na huzuni.

Dakika nane tu! Mimi nilijipa usiku tisa.

Kwa hiyo binamu, sawa, siku ile uliyonilazimisha nije tukapukuchue mahindi, ulisaidia. Lakini angalia vizuri kilichosaidia. Mahindi hayakutatua pungufu la kikoba. Yalinipumzisha, na jioni yake ndiyo niliyopata nguvu ya kwenda kwa shangazi. Ningeishia kwenye mahindi, mwisho wa mwezi ungenikuta na 340,000 zilezile. Wewe unauza mahindi kama tiba kamili.

Wazimbabwe wametuzidi katika hili. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na watu hulitaja kliniki kama tunavyosema "nina mawazo". (Kwao kufunga ni kufikiri. Kwetu kufunga ni kufunga mlango. Ndugu wa Kibantu, lakini hapo tuliachana njiani, na usiku ule maana zote mbili zilinifaa.) Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, mradi ulioitwa Benchi la Urafiki. Mwaka 2016 majibu ya jaribio lao yalichapishwa, watu 573 katika kliniki 24 za Harare, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na bibi wale wanafanya nini? Wanamwacha mtu ataje shida zake zote, kisha wanamwambia achague moja. Moja tu. Halafu wanaivunjavunja mpaka kipatikane kitu cha kwenda kufanya kabla hawajaonana tena. Nilipolisoma hilo nilimwona shangazi na kalamu yake nyekundu.

Najua yapo matatizo ambayo hayana ukurasa wa kufungua. Msiba ni msiba, unauzunguka na ni haki yako. Na mtu aliyepoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au anayewaza kufa, asibaki na blogu, aende hospitali.

Halafu kuna zile 60,000. Hazikuonekana. Tulipitia kurasa mara ya pili, shangazi akafunika kalamu, akasema, "Hizi hutazipata kwa kuwaza." Kikao cha mwisho wa mwezi nikasimama, nikaonyesha kosa la rejesho, nikaonyesha rambirambi, nikasema zilizobaki sijui zilikokwenda na nitazilipa kwa miezi miwili. Kamati ikakubali. Tukaweka utaratibu kwamba sanduku halifunguki daftari likiwa mbali, hata kwa msiba. Ikaisha.

Haikuisha kichwani, bila shaka. Saa tisa yangu bado huja, siku hizi na swali jipya: wananionaje? Nikilipima naona ni la kucheua tu, maana hakuna ukurasa wenye jibu. Naamka, nakunywa maji kutoka kwenye friji lenye kesi, narudi kulala. Mara nyingine usingizi unakuja, mara nyingine nasikiliza majogoo.

Jumamosi iliyopita nimekabidhi fedha, yule mama wa genge akazihesabu. Akamaliza. Akaanza tena upya. Tumbo likanikata. Nikaona kabisa usiku tisa mwingine unapanda foleni. Nikajikaza nikamuuliza palepale, "Dada, mbona unarudia?"

Akanionyesha kidole kilicholowa mate. "Noti zimeshikana, mwenzangu."

Zilikuwa zimeshikana kweli.